Benchi la Fundi Kutoka Redio Mbovu na Chaja Zilizokufa

Ndani ya redio kaseti moja iliyokufa mna transfoma ya chuma, spika, kitufe cha kuzungushia sauti, nyumba ya betri na transista ndogo kadhaa. Ndani ya chaja mbili tatu za simu au za kompyuta mpakato mna diodi imara, kapasita zinazostahimili volti nyingi, na mara nyingine kijisehemu chenye miguu mitatu kinachofanana kabisa na transista ilhali si transista. Vipuri hivyo vikikusanywa pamoja vinatosha kumpatia mwanafunzi wa umeme vifaa vitatu vya benchi: pawa saplai inayorekebishika, injekta ya mlio ya kutafutia ubovu wa redio, na kikuza sauti cha kusikilizia saketi.

Vifaa hivi vinafaa kutengenezwa kwa mpangilio huo, kwa kuwa kila kimoja hutumika kukijaribu kinachofuata. Pawa saplai ndiyo yenye kazi kubwa kuliko vyote, na ndiyo inayofundisha mengi. Kwa hiyo ndiyo itakayoelezwa kwa urefu.

Kubomoa bila kuumia

Kazi huanza na kubomoa, na hapo ndipo penye hatari ambayo wanafunzi wengi hawaijui. Chaja ya simu hupokea umeme wa ukutani wa volti 230, ikaunyoosha kwa diodi na kuuhifadhi kwenye kapasita ndogo iliyoandikwa 400V. Volti 230 ni kipimo cha RMS tu; kilele chake hufika takriban volti 325, na kapasita hujaa hadi kileleni. Chaja nzima inapochomolewa huendelea kufanya kazi kwa kitambo kidogo na kuimaliza chaji hiyo yenyewe. Chaja iliyokufa haifanyi hivyo. Transista yake ikiwa imeungua na kukata njia, hakuna kinachonyonya chaji, na kapasita inaweza kubaki imejaa muda mrefu baada ya chaja kuchomolewa. Kwa maana hiyo chaja mbovu ni ya kuogopwa kuliko nzima.

Dawa yake ni rezista ya omu 10,000 yenye wati moja au mbili, iliyolehemewa nyaya mbili zenye ganda la plastiki. Ncha za nyaya hizo hugusishwa kwenye miguu miwili ya kapasita kwa sekunde chache, kisha multimita huwekwa kwenye volti za mkondo mnyofu kuhakikisha kwamba hakuna kilichobaki. Wako wanaoigusisha miguu hiyo kwa bisibisi. Cheche inayotoka hapo huyeyusha njia za shaba kwenye bodi, huweza kuiharibu kapasita yenyewe, na chembe za chuma cha moto huruka usoni.

Redio ni salama zaidi, kwa sababu transfoma yake hushusha umeme kabla haujafika kwenye bodi. Upande wa waya wa ukutani ndio pekee wenye volti 230, na hauguswi mpaka plagi iwe imechomolewa na kuwekwa mahali mwanafunzi anapoiona.

Katika kutoa vipuri, miguu ya transista na diodi isipashwe moto zaidi ya sekunde tatu nne kwa mara moja. Risasi iliyozeeka haiyeyuki vizuri, hivyo huongezwa risasi mpya kidogo juu yake, nayo huilainisha. Kipuri kilichokatwa miguu mifupi mno hakifai tena kwa majaribio, kwa hiyo ni bora kukosa kipuri kimoja kuliko kutoa kumi vyenye vibutu.

Kuisoma transfoma

Transfoma ya redio haina maandishi ya kueleweka mara nyingi, lakini nyumba ya betri inasema inachohitaji mwanafunzi. Redio inayotumia betri kubwa sita hufanya kazi kwa volti 9, na transfoma yake imefanywa itoe umeme wa kukaribiana na hapo ukishanyooshwa. Inayotumia betri nne ni ya volti 6. Kwa saplai inayoelezwa hapa, ya betri sita ndiyo inayofaa.

Upande wa ukutani hutambuliwa kwa multimita katika kipimo cha omu. Koili ya upande huo imezungushwa kwa waya mwembamba kama unywele na kwa mizunguko mingi, kwa hiyo husoma omu mia kadhaa, hata zaidi ya elfu moja kwa transfoma ndogo sana. Upande wa pili una waya mnene na mizunguko michache, nao husoma omu chache tu. Ukitoa nyaya tatu badala ya mbili, wa katikati ni wa kugawa koili: kutoka hapo hadi kila ncha husoma nusu ya kipimo cha ncha kwa ncha.

Koili ya ukutani ikisoma kama waya uliokatika, mara nyingi kilichokatika ni fyuzi ya joto iliyofichwa chini ya karatasi au tepu inayoizunguka. Fyuzi hiyo huyeyuka transfoma inapopata moto kupita kiasi, na ikishayeyuka hairudi. Baadhi ya mafundi huifungua tepu na kuiunganisha njia moja kwa moja. Transfoma hufufuka, lakini imepoteza kinga yake ya pekee dhidi ya kuwaka, na sababu ya joto lile la kwanza bado imo ndani. Transfoma ya namna hiyo iachwe.

Kabla ya kuunganishwa na chochote, transfoma hujaribiwa kupitia balbu ya waya, ile ya zamani ya wati 40, iliyofungwa kwa mfululizo kwenye waya mmoja wa ukutani. Transfoma nzima hula umeme mdogo sana ikiwa haijabebeshwa mzigo, hivyo balbu haiwaki. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna mizunguko iliyogusana ndani. Jaribio hili linahusu umeme wa ukutani, kwa hiyo mwanafunzi asilifanye kabla mwalimu au fundi mzoefu hajakagua miunganisho yake.

Pawa saplai ya mezani

Tuseme transfoma iliyopatikana ina nyaya mbili upande wa chini na inatoa volti 9 za mkondo geu ikibeba mzigo. Kilele cha volti 9 ni karibu volti 12.7. Umeme hupita kwenye diodi nne zilizofungwa kama daraja, na katika kila nusu ya wimbi hupitia diodi mbili zinazokula volti 1.4 kwa pamoja. Zinazobaki ni volti 11.3. Diodi zenyewe, 1N4007, zimo ndani ya chaja: chaja iliyotengenezwa vizuri ina nne, ile nyepesi ya bei ya chini huwa nayo moja tu, hivyo huenda zikahitajika chaja kadhaa kuzikamilisha. Kila moja hupimwa kwa alama ya diodi kwenye multimita: upande mmoja isome takriban 0.6, upande wa pili isisome kitu.

Baada ya daraja hufuata kapasita kubwa ya kulainisha umeme, na hiyo hutoka kwenye redio. Ukubwa wake una hesabu inayostahili kufanywa na kila mwanafunzi mwenyewe. Umeme wa ukutani una mizunguko 50 kwa sekunde, na daraja huijaza kapasita mara 100 kwa sekunde. Kati ya kujazwa mara moja na nyingine, mzigo huinywa. Mzigo ukiwa ampea 0.3 na kapasita maikrofaradi 2200, volti hushuka kwa 0.3 ÷ (100 × 0.0022), yaani karibu volti 1.4. Kwa kapasita ya maikrofaradi 1000 zingeshuka volti 3, na saplai ingekosa nafasi ya kufanya kazi yake. Kwa hiyo 2200 ndiyo inayotakiwa, au mbili za 1000 zilizofungwa sambamba. Volti ya chini kabisa inayoingia kwenye rejuleta inakuwa basi karibu 9.9.

Kuna mtego katika maandishi ya kapasita. Transfoma ndogo hutoa volti nyingi zaidi ikiwa haina mzigo, na ile ya volti 9 inaweza kupanda hadi 11. Zikinyooshwa huwa volti 14. Kapasita iliyoandikwa 16V itafanya kazi pembeni kabisa mwa uwezo wake, na kwa kuwa ni kuukuu, haitadumu. Itafutwe ya 25V.

Sasa kile kijisehemu chenye miguu mitatu. Huitwa TL431, na hupatikana kwenye chaja ambazo pia zina kijisanduku cha miguu minne kilichoandikwa PC817 au namba inayokaribiana nayo: chaja nyingi za kompyuta mpakato, za printa na za ving'amuzi. Chaja nyepesi za simu hazina. TL431 ina mguu mmoja wa kunusa. Mguu huo unapopata volti 2.5, kijisehemu hufungua njia na kuumwaga umeme. Ukipata pungufu, hufunga. Kwa tabia hiyo moja huweza kuiongoza transista kubwa ishikilie volti yoyote iliyopangwa. Upande bapa ukimwelekea mtazamaji na miguu ikiwa chini, wa kushoto ni wa kunusa, wa katikati ni anodi, wa kulia ni kathodi.

Transista kubwa ni D882, inayopatikana kwenye redio nyingi. Upande wenye maandishi ukimwelekea mtazamaji, miguu yake kutoka kushoto ni emita, kolekta na beesi. Kolekta huungwa kwenye chanya ya kapasita kubwa. Kati ya kolekta na beesi hufungwa rezista ya omu 470, ambayo kazi yake ni kuilisha beesi. Kathodi ya TL431 huungwa kwenye beesi hiyohiyo, na anodi kwenye hasi. Emita ndiyo inayotoa umeme kwenda nje kupitia rezista ndogo itakayoelezwa mbele. Mtiririko wake ni huu: volti ya nje ikipanda kidogo, mguu wa kunusa unaona zaidi ya 2.5, TL431 inamwaga umeme wa beesi, transista inabana, volti inashuka. Ikishuka mno, kinyume chake hutokea.

Rezista mbili huipima volti ya nje na kuigawa kwa ajili ya mguu wa kunusa. Ya juu, R1, hutoka kwenye chanya ya nje hadi mguu wa kunusa. Ya chini, R2, hutoka kwenye mguu wa kunusa hadi hasi. Volti ya nje ni:

Vout = 2.5 × (1 + R1/R2)

Kitufe cha sauti cha redio, ambacho mafundi hukiita volyumu, kinaingia hapa kama sehemu ya kurekebishia, na swali la kuamua ni kama kiwe sehemu ya R1 au ya R2. Kwenye karatasi njia zote mbili zinafanya kazi. Kwenye benchi tofauti yake ni kubwa. Volyumu ya redio kuukuu ina vumbi ndani, na mkono wake huachia njia kwa kitambo kila inapozungushwa. Ndiyo ile mikwaruzo inayosikika redioni. Volyumu ikiwa R1 na mkono ukaachia, mguu wa kunusa hauoni kitu, TL431 inafunga, na volti zote za ndani zinatoka nje kwa ghafla. Saketi iliyokuwa inalishwa volti 4 inapata 10. Volyumu ikiwa R2, mkono ukiachia volti hushuka hadi 2.5 na hakuna kinachoungua.

Kwa hiyo R1 iwe rezista ya kudumu ya omu 4,700, na R2 iwe omu 2,200 ikifuatiwa na volyumu ya omu 10,000. Volyumu ikiwa imezungushwa hadi sifuri, R2 ni 2,200 na volti ya nje ni karibu 7.8. Ikizungushwa hadi mwisho, R2 ni 12,200 na volti ni karibu 3.5. Eneo hilo linatosha kwa redio ndogo na kwa majaribio mengi ya darasani. Volyumu nyingi za redio hazipandi kwa usawa, zimepangwa kufuata masikio ya mtu, hivyo volti hubadilika polepole upande mmoja na haraka upande wa pili. Si ubovu.

Rezista ndogo iliyotajwa ni ya omu 2.2, na ndiyo inayoikinga saplai isiungue nyaya za nje zikigusana. Hufungwa kati ya emita ya D882 na chanya ya nje, kabla ya mahali R1 inapochukulia kipimo. Transista ndogo ya pili, C945 au 9014, huwekwa beesi yake upande wa emita ya D882, emita yake upande wa nje, na kolekta yake kwenye beesi ya D882. Umeme unaotoka ukifika ampea 0.3, rezista ile inakuwa na karibu volti 0.65 kati ya ncha zake. Volti hiyo inatosha kuiwasha transista ndogo, nayo inamnyima bwana mkubwa umeme wa beesi. Hapo umeme haupandi tena, hata nyaya zigusane kabisa. Mwanafunzi aangalie miguu, maana C945 ina beesi pembeni ilhali 9014 inayo katikati.

Joto ndilo mpaka wa saplai hii. Ikitoa volti 5 kwa ampea 0.3, transista inabaki na karibu volti 5.6 za kwake, ambazo zikizidishwa kwa 0.3 ni wati 1.7. Nyaya zikigusana ni zaidi ya wati 3. D882 ikiwa peke yake hewani haivumilii hata mbili, kwa hiyo hufungwa kwa skrubu kwenye bati la kupozea, lile lililokuwa limeshika kikuza sauti cha redio. Mgongo wa chuma wa transista hii umeungana na kolekta, hivyo bati lisiguse kitu kingine. Mpaka wa pili ni wa volti: rezista ya 470 na ile ya kinga hula kiasi fulani, na ampea 0.3 zikitumika zote, saplai haiwezi kushikilia zaidi ya volti 6.5 hivi.

Kupima kama imefaulu

Saplai ikishakamilika, hujaribiwa kwa mzigo wa balbu mbili za tochi za volti 3.8 na ampea 0.3, zilizofungwa kwa mfululizo. Volti hupangwa 5, balbu huunganishwa, na multimita iendelee kusoma 5. Ikiporomoka hadi 4, kinachochunguzwa kwanza ni kapasita kubwa.

Kapasita kuukuu hukauka ndani bila kuvimba wala kuvuja, na kwa macho huonekana mpya. Ukavu wake hujulikana kwa kupima mtikisiko uliobaki. Multimita huwekwa kwenye volti za mkondo geu, na kwa kuwa multimita za bei nafuu huchanganyikiwa mkondo mnyofu unapokuwepo, waya mmoja hupitishwa kwenye kapasita ya maikrofaradi moja isiyo na chanya na hasi. Kwenye ncha za kapasita kubwa, mzigo ukiwa umewashwa, kipimo kinatakiwa kiwe takriban theluthi moja ya volti. Kikiwa volti moja au zaidi, kapasita imekauka, hata kama imeandikwa 2200. Kwenye milango ya nje kipimo hicho kinatakiwa kiwe karibu na sifuri.

Mwisho, nyaya za nje hugusanishwa kupitia multimita iliyowekwa kwenye ampea 10. Isome karibu 0.3. Ikisoma zaidi ya ampea nzima, transista ya kinga imefungwa vibaya, na jaribio likatizwe mara moja kabla D882 haijaungua.

Anayekosa TL431 anaweza kuweka mahali pake diodi ya zena kutoka kwenye chaja nyepesi, pasipo R1 wala volyumu. Zena ya volti 6.2 itatoa karibu volti 5.5 nje. Saplai hiyo ni ya volti moja tu na hulegea mzigo ukiongezeka, kwa kuwa hakuna kinachoiangalia volti ya nje na kuirekebisha.

Injekta ya mlio

Kifaa cha pili ni kidogo na hukamilika kwa jioni moja. Ni transista mbili za C945 zinazopokezana: moja ikiwaka huizima nyingine kupitia kapasita, kapasita inajaa, zamu inabadilika. Kila kolekta hulishwa kupitia rezista ya omu 2,200, na kila beesi kupitia omu 47,000. Kapasita mbili zilizoandikwa 103, yaani nanofaradi 10, huunga kolekta ya kila moja na beesi ya mwenzake. Zamu hizo hutokea takriban mara 1,500 kwa sekunde, mlio mwembamba unaosikika vizuri. Betri mbili ndogo zinatosha kukilisha.

Mlio hutoka kwenye kolekta mojawapo kupitia kapasita ya 102 yenye uwezo wa 1kV, kile kidonge cha buluu au cha kahawia kilicho karibu na transfoma ndogo ya chaja. Kwa kuwa inastahimili volti elfu moja, volti za mkondo mnyofu za redio inayochunguzwa haziwezi kurudi na kuua injekta. Upande wa ukutani wa chaja, hata hivyo, haujaribiwi kwa kifaa hiki kamwe, kwa sababu anayekishika anaungana na volti 230.

Mlio huu unabadilika kwa ghafla, haupandi na kushuka polepole, na mawimbi ya namna hiyo hubeba ndani yake mawimbi mengine ya kasi zaidi, mara tatu, mara tano, na kuendelea hadi mamia. Ndiyo maana mlio wa mara 1,500 kwa sekunde huweza kupita hata kwenye hatua ya redio inayofanya kazi kwa kilohezi 455, zile koili zilizofunikwa kwa vikopo vya bati vyenye vichwa vya njano, vyeupe na vyeusi. Injekta moja huipima redio ya AM yote. Kwenye FM haiaminiki, kwa sababu huko kasi ni kubwa mno na mlio unafika umedhoofika.

Mfano wake ni redio ndogo ya transista iliyo kimya. Spika hujaribiwa kwanza kwa kuigusisha betri moja. Ikitoa kishindo kidogo, ni nzima. Injekta huwekwa katikati ya volyumu: mlio unasikika kwa nguvu, kwa hiyo kikuza sauti chote kinafanya kazi. Huhamishiwa kwenye kolekta ya transista ya mwisho kabla ya diodi ya kutoa sauti: unasikika, ingawa hafifu. Huhamishiwa kwenye beesi ya transista hiyohiyo, ambako ulitakiwa usikike kwa nguvu zaidi, kwa sababu sasa unakuzwa: kimya. Ubovu umebanwa kwenye transista moja. Multimita hupima kati ya beesi na emita yake, na badala ya volti 0.65 inasoma sifuri. Ama rezista inayoilisha beesi imekatika, ama transista imegusana ndani. Redio huzimwa, rezista hupimwa, na jibu hupatikana kwa dakika moja. Bila injekta, fundi angekuwa anabadilisha vipuri kwa kukisia.

Kikuza sauti, na vipuri vya kuacha

Kifaa cha tatu hakihitaji kujengwa upya. Sehemu ya bodi yenye kikuza sauti, kuanzia volyumu hadi spika, hukatwa kwa msumeno wa chuma na kutumiwa kama ilivyo. Baadhi ya redio ndogo zina LM386, ambayo hutosheka na volti 6 za saplai ya kwanza. Kukata ni bora kuliko kutoa vipuri kimoja kimoja, kwa kuwa kila kapasita iliyozunguka kikuza sauti imeshapangwa na mtengenezaji, na ni rahisi kupoteza moja na kupata mngurumo usioeleweka. Waya wenye ganda la kukinga huungwa kwenye mlango wake, na ncha yake hutumika kusikiliza saketi nyingine hatua kwa hatua. Redio ya zamani ikiwa na diodi ya kioo ya 1N60, hiyo huwekwa kwenye ncha ya pili, na kikuza sauti huweza kusikia hata hatua za kilohezi 455, ambazo sikio haliwezi kuzisikia zenyewe.

Kipuri kinachowavutia wanafunzi na kuwaangusha ni transfoma ndogo ya chaja. Ina koili mbili kama ile ya redio, na ni nyepesi. Lakini imetengenezwa kufanya kazi makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kiini chake si chuma, ni feraiti. Kwenye mizunguko 50 ya ukutani kiini hicho hujaa mara moja, koili inakuwa kama waya mtupu, na hupasuka. Haiwezi kuchukua nafasi ya transfoma ya redio kwa njia yoyote.

Vitu viwili vya saplai havipaswi kuokotwa. Cha kwanza ni waya wa ukutani, kwa sababu ganda la waya wa redio ya miaka mingi hupasuka linapokunjwa. Cha pili ni fyuzi. Plagi yenye fyuzi ya ampea 13 huukinga waya wa ukuta, haiikingi transfoma ya redio, ambayo ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hula miliampea 20 au 30 hivi kutoka ukutani. Fyuzi ya miliampea 100 ya aina isiyokatika haraka hufungwa kwenye waya hai kabla ya transfoma, na hiyo hununuliwa mpya.